Asubuhi njema au jioni njema? Kumsalimia rafiki aliye Des Moines ukiwa Kigoma

Mwaka jana mwezi wa saba nilimwandikia shoga yangu, "Umeamkaje?" Hapa Kigoma ilikuwa saa 10 jioni, nimetoka kugeuza dagaa juani, na kwake Des Moines, jimbo la Iowa kule Marekani, ilikuwa saa 2 asubuhi. Hesabu nilikuwa nimeipiga mara mbili. Akanijibu: "Nimeamkaje wapi, dada? Sijalala tangu jana. Ndiyo kwanza navua viatu vya kazini."

Nilicheka, lakini niliona haya kidogo. Sisi wa ukanda wa ziwa hatukupaswa kufundishwa hilo. Ukishuka Kibirizi alfajiri, mitumbwi ya dagaa inarudi na taa zake, hakuna anayemuuliza mvuvi "umeamkaje". Mtu amekesha majini. Unamwambia "pole na kazi", unamuuliza "habari za ziwa", halafu unaanza maneno ya bei. Salamu inaifuata siku ya mtu, jua linakuja baadaye. Basi kwa rafiki wa mbali kazi ni mbili: kwanza ujue saa yake inasema nini, pili ujue yeye yuko sehemu gani ya siku yake. Nitakwenda kwa mfano huohuo mmoja, Kigoma na Des Moines, halafu mwishoni mwa hesabu nitaonyesha unavyougeuza kwa miji mingine.

Anza na saa yako mwenyewe

Tanzania nzima inatumia saa moja, saa tatu mbele ya ile saa ya dunia inayoandikwa UTC, na haibadiliki mwaka mzima. Hilo ni rahisi. Tatizo letu la Kigoma ni majirani: Burundi, na Kongo ya upande wa pili wa ziwa, wako saa moja nyuma yetu. Bujumbura, Uvira na Kalemie wote wanasoma saa 1 wakati sisi tunasoma saa 2.

Sasa, simu ikiwa imeachwa ijipangie saa yenyewe, na uko Kagunga au Manyovu karibu na mpaka, inaweza kunasa mtandao wa ng'ambo na kujirudisha nyuma saa moja bila kukuambia. Ukipiga hesabu ya Marekani kutoka kwenye saa hiyo, kila kitu kitakosea kwa saa moja, na hutajua kosa limetoka wapi. Dalili yake ni kwamba simu yako na ya jirani zinapishana kwa saa moja kamili, dakika zikiwa sawasawa. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, uzime kujipangia eneo la saa, kisha uchague mwenyewe Dar es Salaam.

Hesabu ya Mswahili

Des Moines iko saa 8 nyuma yetu wakati wa kiangazi chao, na saa 9 nyuma wakati wa baridi yao. Watu wengi wanapofika hapa wanaanza kuhesabu vidole: sasa ni saa 4 usiku, hiyo ni 22:00, toa nane, 14:00, hiyo ni saa 8 mchana. Inafika, ila kwa kuzunguka.

Kuna njia fupi ambayo ni sisi tu wa saa za Kiswahili tunaoweza kuitumia. Sisi tayari tunasoma saa kwa kurudi nyuma saa sita: simu inaonyesha 10, mdomo unasema saa 4. Sita kati ya zile nane tumeshazitoa bila kujua. Zimebaki mbili. Kwa hiyo chukua saa yako ya Kiswahili, toa mbili, na namba unayopata ndiyo inayoonekana kwenye simu ya mtu wa Des Moines.

Saa 4 usiku hapa, toa mbili: simu yake inaonyesha 2. Saa 3 usiku hapa: simu yake inaonyesha 1. Saa 10 jioni hapa: simu yake inaonyesha 8.

Imebaki kujua kama ni AM au PM. Masaa yetu ya usiku, baada ya saa 12 jioni, kwao ni PM, na masaa yetu ya mchana kwao ni AM. Ila ukitoa mbili ukarudi nyuma ya kumi na mbili, herufi inageuka. Chukua saa 1 usiku. Ukitoa mbili unarudi hadi 11, umevuka kumi na mbili, basi PM inageuka AM: kwake ni 11:00 AM, asubuhi inaishia. Chukua saa 1 asubuhi, muda ambao jua la Kigoma ndiyo kwanza linachomoza kwa siku nyingi za mwaka. Toa mbili, unapata 11, na umevuka, basi AM imekuwa PM: kwake ni 11:00 PM, tena ya jana. Wewe uko Jumatatu, yeye bado Jumapili yake haijaisha. Ndiyo maana "nakutakia Jumatatu njema" ya mapema huwa inamkuta mtu ndiyo kwanza anaenda kulala Jumapili.

Wakati wa baridi yao unatoa tatu badala ya mbili. Mengine yote ni yaleyale.

Kabla hujaendelea, muulize rafiki yako anasemaje saa. Shoga yangu amekulia upande wa Kongo, tulijuana Makere alipokuwa akiishi kambi ya Nyarugusu, na yeye akisema "saa mbili" anamaanisha ile 2 ya kwenye uso wa saa, kwa mtindo wa Kifaransa. Mimi nikisema saa mbili namaanisha saa mbili yetu. Tulishawahi kupanga kupigiana "saa mbili", kila mmoja akasubiri kwa wakati wake na kila mmoja akanuna. Siku hizi tukipanga jambo tunaandika kama simu inavyoandika: 14:00 kwako, 22:00 kwangu.

Machi na Novemba

Marekani wanasogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, na kuzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa mwaka 2026 ni tarehe 8 Machi na tarehe 1 Novemba. Kuanzia Machi hadi Novemba unatoa mbili, kuanzia Novemba hadi Machi unatoa tatu. Sisi hatugusi kitu, kwa hiyo hakuna kitakachokukumbusha. Redio ya hapa haitatangaza.

Mimi Novemba ilinikamata. Shoga alikuwa ameshahamishiwa zamu ya mchana, anaamka saa 12 asubuhi ya kwao, nami nilizoea kumpigia saa 8 mchana yetu, akiwa anachemsha chai. Jumatatu moja nikapiga kama kawaida. Akapokea kwa sauti ya mtu aliye chini ya blanketi, akaniuliza nani amekufa. Huko ilikuwa saa 11 alfajiri. Simu ya wakati huo, kwa mtu aliyeacha ndugu nyuma, haina tafsiri nyingine.

Ukitaka usihesabu kabisa, fungua programu ya saa kwenye simu, ile iliyoandikwa Clock, ingia World Clock, ongeza Des Moines. Yenyewe inajua Machi na Novemba. Mimi ninayo, lakini bado nahesabu kichwani, maana salamu nyingi naziandika nikiwa na mikono ya unga, na mtoto ndiye anayeshika simu.

Kwa miji mingine

Kwa mji ulio mbali nasi kwa saa sita au zaidi, kanuni ni kuchukua tofauti ya masaa na kuondoa sita, halafu kinachobaki unakitoa kama rafiki yuko nyuma yetu, au unakiongeza kama yuko mbele. New York wakati wa kiangazi iko saa 7 nyuma, basi unatoa moja. Phoenix, Arizona, iko saa 10 nyuma mwaka mzima, maana wao hawasogezi saa, basi unatoa nne siku zote.

Kwa walio mashariki, Melbourne ya Australia iko saa 7 mbele, na saa 8 kuanzia Jumapili ya kwanza ya Oktoba hadi Jumapili ya kwanza ya Aprili, kwa sababu kiangazi chao kimekaa kinyume na cha Marekani. Unaongeza moja, au mbili. Huko mbele AM na PM zinageuka pia: mchana wetu ndio PM yao. Saa 2 asubuhi ya Kigoma ni 3:00 PM ya Melbourne.

Mji ninaoupenda kwa hesabu hii ni Tokyo. Uko saa 6 mbele kamili, kwa hiyo hutoi wala huongezi. Saa 2 asubuhi ya Kigoma, saa ya ukutani Tokyo inaonyesha 2, ya mchana. Mjapani anasoma saa ya Kiswahili na hajui.

Sasa salamu yenyewe

Kwa Kiswahili kuna salamu zinazotazama nyuma na zinazotazama mbele, na wengi wanazichanganya wanapoandika. "Umeamkaje" inauliza usiku uliopita. "Habari za asubuhi" inauliza asubuhi ambayo mtu ameshaanza kuiishi. "Umeshindaje" na "habari za kutwa" zinauliza mchana uliokwisha. Hizo zote zinataka majibu, na jibu linapatikana tu kama sehemu hiyo ya siku imeshapita au inaendelea. "Asubuhi njema", "mchana mwema", "jioni njema" ni dua ya kinachokuja. Zinafaa zaidi mwishoni mwa maneno, na hazina maana kama kinachotakiwa kimebakiza dakika kumi.

Hiyo inasaidia sana kwenye mipaka. Ni saa 1 na nusu usiku hapa, kiangazi, kwake 11:30 AM. Asubuhi au mchana? Fungua na "habari za asubuhi", maana asubuhi anayo ya kukusimulia. Funga na "mchana mwema", maana huo ndio unaomngoja. Ukifanya kinyume, ukafungua na "asubuhi njema" saa hiyo, unampa mtu chai wakati ugali unapakuliwa.

Kwa kipindi cha kutoa mbili, siku yetu imekaa hivi juu ya siku yake. Kuanzia saa 8 mchana hapa hadi saa 1 na nusu usiku, kwake ni asubuhi. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 6 usiku wetu, kwake ni mchana. Jioni yake inaanza sisi tukiwa tumelala, saa 6 usiku, na inaendelea hadi karibu na adhana ya alfajiri. Muadhini wa Ujiji akiadhini saa 12 kasoro robo, kwake ni saa 4 kasoro robo usiku, watoto wameshalala, yeye anamalizia vyombo. Halafu asubuhi yetu yote, kuanzia saa 12 hadi saa 7 mchana, yeye yuko usingizini. Kipindi cha kutoa tatu, sogeza kila kitu mbele kwa saa moja kwa saa zetu.

Utaona jambo moja hapo. Kwa mtu wa Kigoma anayelala saa 4 usiku, nafasi ya kumwambia shoga wa Des Moines "habari za jioni" wote mkiwa macho karibu haipo. Yeye akiwa jioni, wewe umelala. Salamu unazozihitaji kweli ni mbili tu, ya asubuhi na ya mchana, na ile ya asubuhi unaitoa jioni yako. Mimi nikiona jua linaelekea Kongo, najua ndio wakati wa kuandika "habari za asubuhi".

Jioni nayo ina kitendawili chake. Mwishoni mwa Juni jua la Des Moines linazama karibu saa 3 kasoro dakika kumi usiku. Mwishoni mwa Desemba linazama kabla ya saa 11 jioni. Hapa kwetu giza halina ubishi: saa 1 jioni jua linazama, usiku umeingia, mwaka mzima. Niliwahi kuamka usiku kwa ajili ya mtoto nikamwandikia "habari za usiku huu", kwake ilikuwa saa 2 usiku mwezi wa sita. Akanitumia picha ya watoto wanacheza mpira nje, jua linawapiga machoni. Tangu hapo nafuata chakula, siangalii mwanga. Kabla hajala cha usiku namwambia jioni, hata kama nje kuna giza totoro au jua kali.

Mtu wa zamu ya usiku

Hapa ndipo nilipokosea, na ndipo World Clock haikusaidii. Zamu ya shoga wakati ule ilikuwa kuanzia saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi, anafanya usafi kiwandani. Anafika nyumbani saa 2, analala hadi saa 9 alasiri. Asubuhi yake ya kweli, ile ya kupiga mswaki na kuuliza chai iko wapi, ilikuwa saa 9 alasiri ya Des Moines. Kwangu ni saa 5 usiku.

Kwa mtu kama huyo, saa 10 jioni yangu inamkuta mwisho wa siku, na salamu yake ni ya mvuvi: "pole na kazi", "habari za kazi", kisha "lala salama" ijapokuwa jua linawaka kwake na kwangu. Nikikesha hadi saa 5 usiku, naweza kumuuliza "umeamkaje" bila kuchekwa, ingawa saa inasema alasiri. Kinachofanya kazi ni neno la tendo: kuamka, kushinda, kutoka kazini. Linashika mtu mahali alipo. Neno la wakati, asubuhi au jioni, linashika saa ya ukutani tu, na ukutani hapaishi mtu.

Utajuaje zamu yake imebadilika, kama hajakuambia? Tazama anajibu saa ngapi. WhatsApp inaonyesha kila saa kwa saa za simu yako wewe, kwa hiyo majibu yake yaliyoandikwa 23:10, 23:25, 23:05 kwa wiki nzima, toa masaa nane, ni mtu anayeamka saa 9 alasiri. Wiki yakianza kuingia saa 8 mchana yetu, amehamishwa. Usimwambie unamchunguza. Muulize tu, "siku hizi kazini unaingia saa ngapi?"

Ukiandika yeye amelala

Saa 3 asubuhi hapa ndiyo saa ya habari za mtaani, na kwake ni saa 7 usiku wa manane. Ukiandika "habari za asubuhi" kwa sababu kwako ni asubuhi, ataisoma akiamka na itamfaa kwa bahati. Ukiandika "habari za usiku" kwa sababu umemhesabia saa yake kwa uangalifu, ataisoma asubuhi na itakuwa imepitwa. Wenye hesabu nzuri ndio wanaoanguka hapa. Msalimie kwa saa atakayosoma: "Ukiamka salama, nina neno." Hiyo haichachi.

Na fikiria mlio wa simu. Mtu aliyeacha ndugu mbali huwa hazimi simu usiku. Kama mnatumia Telegram, ukibonyeza kitufe cha kutuma bila kukiachia, utaona Send Without Sound na Schedule Message. Ya kwanza inapeleka ujumbe bila mlio, ya pili inausubirisha hadi saa unayoipanga, na saa hiyo unaiweka kwa saa yako, basi usisahau hesabu. Kwingine, andika ujumbe, uuache bila kuutuma, na utume mchana.

Ukiwa huna uhakika kabisa, amesafiri, amebadilisha kazi, hujui kama ni Machi au la, Kiswahili kina "habari za saa hizi". Haina asubuhi wala jioni, na haisikiki kama ya mtu aliyeshindwa kuhesabu. Mama yake shoga, ambaye anaishi naye, hana tatizo hili lote: ni "shikamoo mama" na "marahaba mwanangu", iwe saa ngapi. Natamani kila mtu huko angekuwa mkubwa wangu.

Kuagana ndiko kunakobaki. Usimwambie "usiku mwema" kwa sababu wewe unaenda kulala. Hapa saa 4 usiku, kwake saa 8 mchana, anaambiwa usiku mwema akiwa amekaa kwenye foleni ya benki. Gawa maneno: "Mimi nalala, wewe mchana mwema." Juzi nimeamka na adhana nikakuta ametangulia. Ameandika, "Mimi nalala, wewe amka salama. Dagaa wameingia?"